Mnyororo Ndani ya Chipu: Jinsi Saketi Zenye Kumbukumbu Zilivyopata Njia ya Kupimwa

Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza System/360, familia ya kompyuta sita za ukubwa tofauti zilizoweza kuendesha programu zilezile. Mantiki ya mashine hizo ilikaa kwenye vipande vya kauri vyenye upana wa nusu inchi, kila kimoja kikibeba transista chache na rezista zake. Vipande vilipangwa kwenye kadi, kadi zikachomekwa kwenye paneli, na paneli zikajaza makabati. Geti moja likifa kwenye kadi moja, mteja alibaki na makabati yanayowaka taa bila kufanya kazi, na fundi akaitwa kuja kujua ni kadi ipi ya kuchomoa.

Kazi ya fundi huyo ilikuwa ngumu kwa sababu moja inayojitokeza tena na tena katika historia hii. Geti peke yake halina kumbukumbu: ukilipa 0 na 1 kwenye ingizo zake, hutoa jibu lilelile leo na kesho. Lakini kompyuta imejaa flipflopu, saketi ndogo ambazo kila moja hushika biti moja mpaka pigo lijalo la saa. Jibu la saketi yenye flipflopu hutegemea kinachoingia sasa na pia kila kilichopita. Ubovu wa geti moja unaweza kukaa kimya kwa mapigo milioni ya saa, ukasubiri mpaka flipflopu kadhaa zishike thamani fulani kwa wakati mmoja, ndipo ukatoa jibu baya. Hata jibu hilo baya linaweza kuingia kwenye flipflopu nyingine na kulala humo, lisionekane nje mpaka limekwisha kuchanganyika na mengine.

Mwezi huohuo wa Aprili 1964, jarida la utafiti la IBM lilichapisha makala ya Carter, Montgomery, Preiss na Reinheimer kuhusu namna System/360 ilivyobuniwa ili itengenezeke. Walieleza kwamba katika modeli kubwa za familia hiyo waliongeza njia za umeme ambazo kazi yake ni kuandika thamani moja kwa moja ndani ya flipflopu za mashine na kuzisoma tena. Majaribio yalitayarishwa kabla na kuhifadhiwa kwenye tepu. Kila jaribio lilikuwa na hatua tatu: pachika hali uitakayo, ruhusu saa ipige kwa kiasi kilichopangwa, kisha soma hali mpya na uilinganishe na inayotarajiwa. Wakiyaita majaribio ya kutafuta mahali pa hitilafu, kwa kifupi FLT, waliweza kumpa fundi orodha fupi ya kadi za kushuku badala ya kabati zima.

Hapo ndipo wazo la skani lilipozaliwa, ingawa bado halikuwa mnyororo. Biti ziliingia na kutoka kwa mafungu, kupitia nyaya nyingi zilizopita ndani ya makabati. Makabati yalikuwa na nafasi ya nyaya hizo, na hakuna aliyelazimika kuhesabu pini.

Upande wa hesabu nao ulikuwa unakua. Mwaka 1959 R. D. Eldred alikuwa ameandika kuhusu majaribio ya kompyuta ya Datamatic 1000, akipendekeza kwamba badala ya kuuliza kama mashine inajua kujumlisha na kugawanya, mpimaji aandae majaribio kwa kuangalia ubovu wa sehemu zenyewe. Kutokana na mkondo huo likaja wazo linalotumika mpaka leo: chukulia kwamba waya fulani umekwama kwenye 0, au umekwama kwenye 1, kisha tafuta ingizo litakalofanya ukwamaji huo uonekane. Mwaka 1966 J. Paul Roth wa IBM alilipa wazo hilo utaratibu kamili. Alitumia alama D kumaanisha waya ambao ungekuwa 1 kwenye saketi nzima na 0 kwenye saketi mbovu, akaonyesha namna ya kuisukuma D hiyo kutoka penye ubovu, geti baada ya geti, mpaka ifike kwenye tokeo linaloonekana. Kompyuta ingeweza kufanya kazi hiyo bila mtu kuisimamia.

Lakini utaratibu wa Roth ulifaa saketi zisizo na kumbukumbu. Ukiziingiza flipflopu, D inaweza kuzunguka ndani kwa mapigo mengi kabla ya kutokea, na kompyuta inalazimika kutafuta njia katika wakati pamoja na njia katika saketi. Ukubwa wa tatizo hilo ulielezwa vizuri baadaye, Januari 1982, katika makala ya Thomas Williams na Kenneth Parker. Chukua saketi ya wastani yenye ingizo 25 na flipflopu 50. Ukitaka kuijaribu katika kila hali na kwa kila ingizo, unahitaji ruwaza 2 kwa kipeo cha 75, yaani 38 ikifuatwa na sufuri 21. Ukitoa ruwaza moja kila sehemu ya milioni ya sekunde, utamaliza baada ya miaka zaidi ya bilioni moja.

Miaka ya mwisho ya 1960 hali ya viwandani ikaanza kubadilika kwa namna iliyolifanya tatizo lisivumilike. Mageti yaliyokuwa yametawanyika kwenye kadi yaliingia ndani ya chipu moja, makumi kwanza, kisha mamia. Fundi aliyekuwa akigusa waya kwa ncha ya kifaa chake hakuwa tena na waya wa kugusa. Mageti yaliongezeka kwa kasi kuliko pini, na kila kilichokuwa ndani kilionekana kupitia pini chache za pembeni tu. Njia ya mwaka 1964 ya kupitisha nyaya nyingi haikuwezekana tena, kwa kuwa nyaya hizo zingehitaji pini zisizokuwapo.

Jibu lilitoka sehemu kadhaa. Huko Japani, mwaka 1968, Kobayashi, Matsue na Shiba wa kampuni ya NEC walieleza kwa Kijapani muundo wa flipflopu iliyofaa majaribio ya FLT. Januari 1973, Michael Williams na James Angell wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha makala iliyolifikisha wazo hilo kwa watafiti wengi zaidi. Walichopendekeza kinaelezeka kwa maneno machache: weka swichi ndogo mbele ya kila flipflopu. Swichi ikiwa upande mmoja, flipflopu hupokea biti kutoka kwa mageti yake kama kawaida. Ikiwa upande wa pili, hupokea biti kutoka kwa flipflopu jirani. Swichi zote huongozwa na waya mmoja. Zikigeuzwa pamoja, flipflopu zote za chipu zinakuwa mnyororo mmoja mrefu, na kila pigo la saa linasogeza biti zote hatua moja, kama watu waliopanga mstari kutoka kisimani wakipokezana ndoo. Pini moja ya kuingizia, moja ya kutolea na moja ya kugeuza swichi zinatosha kuzifikia flipflopu kumi au elfu kumi.

Katika lugha ambayo wabunifu wa chipu huandikia leo, flipflopu ya namna hiyo ni mistari miwili:

```
always @(posedge CK)
  Q <= SE ? SI : D;
```

`SE` ni waya wa kugeuza swichi, `SI` ni biti ya jirani, `D` ni biti kutoka kwa mageti, na `Q` ndicho kinachoshikwa.

Faida yake huonekana hata kwenye kihesabio kidogo cha flipflopu tatu, `Q0`, `Q1` na `Q2`, kinachoongeza moja kwa kila pigo. `Q0` hugeuka kila pigo. `Q1` hugeuka pale `Q0` inapokuwa 1. `Q2` hugeuka pale `Q0` na `Q1` zote zinapokuwa 1, na kuna geti moja la NA linalokagua sharti hilo la mwisho. Tuseme tokeo la geti hilo limekwama kwenye 0, hivyo `Q2` haitageuka kamwe.

Ili kuukamata ubovu huo tunataka `Q0` na `Q1` ziwe 1 na `Q2` iwe 0. Mnyororo unaingilia `Q0`, unapita `Q1`, unatokea `Q2`. Biti ya kwanza kuingia ndiyo itakayofika mbali zaidi, kwa hiyo tunaingiza 0, kisha 1, kisha 1. Baada ya mapigo matatu swichi zinageuzwa kwenye kazi ya kawaida na saa inapiga mara moja tu. Pigo hilo ndilo jaribio lenyewe, na wapimaji huliita pigo la kunasa, kwa sababu flipflopu zinanasa majibu ya mageti. Kisha swichi zinarudishwa kwenye mnyororo na majibu yanasukumwa nje, `Q2` ikitangulia:

```
              Q0 Q1 Q2   hutoka nje
baada ya
kuingiza       1  1  0
nzima          0  0  1     1 0 0
mbovu          0  0  0     0 0 0
```

Biti ya kwanza kutoka inamaliza ubishi. Tena, wakati majibu haya yanatoka upande mmoja, ruwaza ya jaribio lijalo inaingia upande wa pili, hivyo mapigo ya kutoa hayapotei bure.

Kwa flipflopu tatu mtu anaweza kusema angehesabu tu mpaka afike. Sasa kiongeze kihesabio mpaka flipflopu 32. Geti la mwisho hufanya kazi pale flipflopu 31 zilizotangulia zinapokuwa 1 zote, na kutoka sufuri jambo hilo linahitaji mapigo zaidi ya bilioni 2.1 ili biti ya juu igeuke. Kwa mapigo milioni moja kwa sekunde ni takriban dakika 36, kwa ajili ya waya mmoja. Kwa mnyororo ni mapigo 32 ya kuingiza, 1 la kunasa na 32 ya kutoa, jumla 65.

Kuna faida nyingine kubwa kuliko muda. Mpimaji anapoweza kuandika kila flipflopu na kuisoma, kwake flipflopu si kumbukumbu tena. Tokeo la flipflopu ni ingizo analolipanga yeye, na ingizo la flipflopu ni tokeo analoliona. Saketi yote yenye historia inageuka kuwa mageti matupu yasiyo na jana, na utaratibu wa Roth, ambao ulishindwa na kumbukumbu, unafanya kazi juu yake bila kubadilishwa. Skani haikuleta mbinu mpya ya kutafuta ubovu. Ilibadilisha chipu ili mbinu iliyokuwapo itoshe.

Hata hivyo kati ya makala na kiwanda palikuwa na kikwazo, na aliyekishughulikia kwa undani alikuwa Edward Eichelberger wa IBM. Mwaka 1965 alikuwa ameandika makala kuhusu hatari za saketi: nyakati ambazo ingizo mbili hubadilika karibu pamoja, moja ikawahi na nyingine ikachelewa, na geti likatoa mshindo mfupi wa 1 pasipotakiwa. Flipflopu ikiupokea mshindo huo, itashika biti isiyo yake. Mtu aliyekuwa amefikiri hivyo kwa miaka hakuweza kuutazama mnyororo bila kuona mashindano ndani yake. Biti inatoka flipflopu ya kwanza na kuingia ya pili kwa pigo lilelile. Pigo likichelewa kidogo tu kufika kwa ya pili, ya kwanza itakuwa imekwisha kubadilika, na ya pili itapokea biti mpya badala ya ile iliyostahili. Mnyororo wenyewe, uliowekwa ili upime chipu, ungekuwa mbovu.

Oktoba 1972 aliomba hataza, na zilitolewa Septemba 1973 na Januari 1974. Alichokitaka ni saketi ambayo jibu lake la mwisho halitegemei ni mageti gani yamewahi na yapi yamechelewa, mradi ipewe muda wa kutulia. Kwa mnyororo, alikigawanya kila kishikio cha biti kuwa lachi mbili, L1 na L2. L1 ina milango miwili: mlango wa kazi, unaofunguliwa na saa C, na mlango wa mnyororo, unaofunguliwa na saa A. L2 huchukua kilichomo ndani ya L1 pale tu saa B inapopiga. A na B hazipigi pamoja kamwe. A ikipiga, L1 zote hupokea kutoka kwa L2 za jirani, na L2 zote zimefungwa. B ikipiga, L2 hupokea kutoka kwa L1 zake, na milango ya L1 imefungwa. Biti haiwezi kuruka hatua hata kama nyaya za saa zina urefu tofauti, kwa kuwa kila mara mlango mmoja kati ya miwili umefungwa. Ikiwa mnyororo una matatizo, unaongeza nafasi kati ya A na B, nao unatulia.

Muundo huo uliitwa LSSD. Eichelberger na Thomas Williams waliuwasilisha Juni 1977 katika mkutano wa kubuni kwa kompyuta uliofanyika New Orleans. Sehemu kubwa ya makala yao ni kanuni, na kanuni hizo ndizo zilizoleta mzozo. Kumbukumbu yote ya ndani iwe ya lachi za namna hiyo. Saa ziongozwe kutoka kwenye pini za nje, kiasi kwamba saa zote zikizimwa hakuna lachi inayobadilika. Saa isipite na kuwa data ya lachi. Lachi zote ziwe ndani ya mnyororo. Mbunifu aliyezoea kuokoa geti kwa kuikata saa hapa na kuifungua pale, au kutengeneza pigo lake mwenyewe kutokana na ucheleweshaji wa mageti, alikatazwa ujanja wake wote.

Malalamiko ya wabunifu yalikuwa na msingi. Lachi za ziada, nyaya za A na B na pini nne za nje vinakula eneo la silikoni. Kwa hesabu za Williams na Parker, nyongeza ilikuwa kati ya asilimia 4 na 20. Tofauti hiyo ilitokana na kama mbunifu aliipa L2 kazi ya kawaida au aliiacha ikae ikisubiri siku ya majaribio. Katika System/38, iliyotangazwa mwaka 1978, asilimia 85 ya L2 zilikuwa na kazi katika mashine, na gharama ikashuka sana. Upande wa pili wa mizani Williams na Parker waliweka kanuni ya viwandani inayojulikana kwa zidio la kumi: ubovu unaogharimu senti 30 kuugundua kwenye chipu hugharimu dola 3 kwenye bodi, dola 30 kwenye mashine iliyounganishwa, na dola 300 mashine ikiwa kwa mteja.

IBM haikuacha kanuni hizo zitegemee hiari. Katika mkutano huohuo wa 1977, Godoy, Franklin na Bottorff walieleza programu iliyosoma mchoro wa mantiki na kuripoti kila mahali kanuni zilipovunjwa. Mbunifu aliletewa orodha ya makosa yake kabla chipu haijatengenezwa, na mzozo ulioweza kumaliza mwezi vikaoni ukawa suala la kurekebisha mistari kadhaa. Mwaka 1989 Eichelberger na Williams walipewa kwa pamoja tuzo ya McDowell ya chama cha kompyuta cha IEEE kwa kazi hiyo.

Nje ya IBM, muundo ulioshinda haukuwa wa lachi mbili na saa tatu. Watengenezaji wengi walikuwa wakitumia flipflopu za saa moja, zinazobadilika pigo linapopanda, na kwao ilikuwa rahisi zaidi kurudi kwenye wazo la Stanford: swichi mbele ya flipflopu. Walipata saketi ndogo zaidi na waya mmoja wa saa. Pamoja nayo walirithi yale mashindano ambayo Eichelberger aliyakimbia.

Namna mashindano hayo yanavyogunduliwa inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndilo jambo la kwanza linalofanywa kwa chipu mpya mpaka leo. Kabla ya jaribio lolote la mageti, mnyororo wenyewe hupimwa: swichi zinaachwa upande wa mnyororo muda wote, na ruwaza 00110011 inasukumwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ruwaza hiyo imechaguliwa kwa sababu ina kila jozi inayowezekana: 0 baada ya 0, 1 baada ya 0, 1 baada ya 1, na 0 baada ya 1. Zikitoka sufuri tupu au moja tupu, kuna mahali mnyororo umekwama. Ikitoka ruwaza kamili lakini pigo moja kabla ya wakati, kuna flipflopu iliyorukwa: saa ilichelewa kuifikia, na biti ikapita mbili kwa pigo moja. Hilo hutokea sana pale mnyororo unapotoka eneo lenye tawi moja la saa na kuingia eneo lenye tawi jingine. Dawa yake ni kuweka mpakani lachi moja inayoishikilia biti kwa nusu pigo zaidi, ili aliyechelewa aikute bado ipo. Dawa hiyo ni L1 na L2 ya Eichelberger imerudi kwa dozi ndogo, pale tu inapohitajika.

Wazo la mnyororo lilitoka pia nje ya chipu. Katikati ya miaka ya 1980 bodi zilianza kubeba chipu zilizobanana kiasi kwamba vitanda vya sindano vilivyotumika kugusa maungio yake havikupata pa kugusa. Mwaka 1985 kundi la kampuni, likianzia Ulaya, liliungana kwa jina la JTAG na kupendekeza kila chipu iwe na mnyororo unaozunguka pini zake, ili pini ya chipu moja iandike na pini ya chipu nyingine isome. Pendekezo hilo likawa kiwango cha IEEE 1149.1 mwaka 1990. Fundi anayeingiza programu kwenye bodi leo kupitia nyaya za `TDI`, `TDO`, `TCK` na `TMS` anaitumia foleni hiyohiyo ya biti.

Kadiri chipu zilivyokua, mnyororo ulidai malipo mawili. La kwanza ni muda. Chipu yenye flipflopu 100,000 kwenye mnyororo mmoja, ikihitaji ruwaza 1,000, inataka misukumo milioni 100, na kwa milioni 10 kwa sekunde hizo ni sekunde 10 za mashine ghali ya kupimia kwa kila chipu. Ukiigawa minyororo 100 ya flipflopu 1,000 inayosukumwa pamoja, muda unashuka hadi sehemu ya kumi ya sekunde, ila sasa unataka pini 200. La pili ni umeme. Katika kazi ya kawaida sehemu ndogo ya flipflopu hubadilika kwa pigo moja. Wakati wa kusukuma, nusu yake inaweza kubadilika pamoja. Volti inashuka ndani ya chipu, mageti yanachelewa, na chipu nzima inaonekana mbovu. Mpimaji anayeona chipu nyingi zikifeli kwa kasi kubwa na kufaulu zote akipunguza kasi ya kusukuma hukimbilia kuchunguza umeme kabla ya kushuku mageti.

Tatizo la pini lilipata ufumbuzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kikundi cha Janusz Rajski na Jerzy Tyszer kikaueleza mwaka 2002. Walitegemea jambo ambalo lilikuwa wazi tangu enzi za Roth: kukamata ubovu mmoja kunahitaji biti chache sana ziwe na thamani maalumu, na zilizobaki zinaweza kuwa chochote. Katika kihesabio chetu cha biti 32, geti la biti ya tatu linahitaji flipflopu tatu tu, na 29 zingine hazina neno. Basi ndani ya chipu waliweka saketi inayopokea biti chache kutoka nje na kuzitandaza kwenye mamia ya minyororo mifupi, na nyingine upande wa kutokea inayoyakunja majibu. Pini zinabaki chache, minyororo inakuwa mingi na mifupi.

Mlango unaomwezesha mpimaji kusoma kila flipflopu haumuulizi msomaji ni nani. Mwaka 2004 Bo Yang, Kaijie Wu na Ramesh Karri wa Chuo Kikuu cha Polytechnic, Brooklyn, walionyesha namna chipu ya kusimba kwa DES inavyoweza kuporwa ufunguo wake. Waliiacha chipu ianze kusimba ujumbe, wakageuza swichi kabla haijamaliza, na kuyasukuma nje yaliyomo kwenye rejista za katikati. Hawakujua ni biti ipi ya mnyororo ni ya rejista ipi, ila kwa kubadilisha biti moja ya ujumbe na kutazama ni wapi mnyororo umebadilika waliigundua ramani yote. Baada ya hapo jumbe tatu zilizochaguliwa vizuri zilitosha kuufichua ufunguo wa mzunguko wa kwanza.

Mwaka uliofuata watu hao hao watatu walipendekeza kinga. Chipu iwe na rejista ya pili ya ufunguo, yenye thamani ya kuigiza. Ikiwa kwenye majaribio, mageti hulishwa ufunguo wa kuigiza na mnyororo hufanya kazi yake yote. Ikishapakia ufunguo wa kweli, swichi za skani hazikubali tena kugeuka mpaka umeme ukatwe na kumbukumbu zote zifutike. Ubovu wa kiwandani unakamatwa kama kawaida, isipokuwa ule uliomo katika njia fupi inayoileta thamani ya ufunguo wa kweli, ambao mnyororo hauruhusiwi kuugusa. Sehemu hiyo inabaki kupimwa kwa namna ya zamani: ipe ujumbe unaojulikana jibu lake, isubiri isimbe, na ulinganishe kinachotoka.